Nuru ya Taa ya Sola katika Picha ya Usiku: Namna ya Kuandika Maelekezo Yake

Mada ya nuru na vivuli ina shida ambayo kila mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi huikuta. Masomo hufundishwa mchana, na vyumba vingi vya madarasa haviwezi kutiwa giza. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuonyesha jinsi taa moja inavyoangaza chumba hana budi kutumia picha. Zamani picha hiyo ilichorwa kwa mkono juu ya karatasi ya manila. Siku hizi walimu-wanachuo wengi huipata kwa programu ya akili mnemba: mtu huandika maneno machache katika simu au kompyuta, na programu humtolea picha. Maneno hayo tutayaita maelekezo.

Programu hizi huchora nyuso, nguo na kuta kwa ustadi mkubwa, lakini nuru ya taa moja ndani ya giza huwashinda mara nyingi. Kosa hilo si dogo darasani. Watoto wengi wa vijijini wamesoma usiku kwa taa ya sola na wanaijua nuru yake. Mtoto akionyeshwa picha ambamo kivuli cha kikombe kinaielekea taa badala ya kuikimbia, ama ataiamini picha na kujifunza uongo, ama atayaamini macho yake na kulidharau somo. Makala haya yanaeleza kwa nini kosa hutokea, namna ya kuandika maelekezo yatakayolipunguza, na namna ya kuikagua picha kwa rula kabla ya kuipeleka darasani.

1. Kwa nini nuru huharibika

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba programu hizi hazipimi mwendo wa nuru. Hazina taa ndani yake wala mistari ya nuru inayotoka kwenye taa hiyo. Zimefunzwa kwa picha nyingi mno zenye maelezo, nazo hutoa picha inayofanana na zile zilizokuwa na maelezo ya namna hiyo. Ukiandika neno "taa", programu huweka kitu kinachong'aa, kwa sababu taa katika picha hung'aa. Kuhusu meza iliyo chini ya taa, na kivuli kilicho nyuma ya kikombe, haina habari mpaka uandike.

Jambo la pili linahusu giza lenyewe. Programu nyingi za aina hii huanza na mchafuko wa vidoa visivyo na mpangilio, kisha huvisafisha hatua kwa hatua mpaka picha itokee. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba matoleo ya mwanzo ya programu iitwayo Stable Diffusion, iliyotolewa mwaka 2022, yalifunzwa kwa namna iliyoyafanya yaelekee kwenye mwangaza wa wastani. Picha ilipotakiwa iwe na giza nene, programu ilitia weupe mahali pengine ili kufidia. Programu zilizofuata zimerekebishwa kwa kiasi, lakini mwelekeo huo bado huonekana: ukiomba chumba chenye giza, dirisha hujitokeza na mbalamwezi ya buluu huingia bila kualikwa.

Kwa sababu hizo mbili, kuandika "giza nene" au "taa yenye mwanga mkali" hakusaidii sana. Kanuni ifaayo ni hii: usiieleze taa tu, bali eleza nuru inagusa nini, kwa mpangilio gani, na inakoma wapi.

2. Mfano wetu

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Tunataka picha ya msichana wa miaka kumi hivi anayesoma usiku. Ameketi nyuma ya meza akitutazama, na daftari limefunguliwa mbele yake. Upande wa kushoto wa picha ipo taa ndogo ya sola ya mezani. Upande wa kulia wa daftari kipo kikombe cha bati. Nyuma ya msichana, mbali kidogo, upo ukuta wa udongo.

Mwalimu asiye na uzoefu huandika hivi:

```
Mtoto anasoma usiku kwa taa ya sola, chumba chenye giza.
```

Picha itokayo kwa maneno kama hayo aghalabu huwa na makosa yanayojirudia. Taa huwa ya bustani au ya barabarani, yenye nguzo na kibao cha sola juu yake. Mwanga wake huwa wa rangi ya chungwa kama moto wa kibatari. Ukuta wa nyuma huonekana karibu sawa na daftari kwa mwangaza. Vivuli navyo huelekea popote. Tutayaondoa makosa haya moja baada ya jingine.

3. Umbo na rangi ya taa

Neno "sola" linatueleza jinsi betri ilivyojazwa mchana. Halielezi nuru inayotoka usiku. Programu ikilisoma neno hilo huelekea kuchora kibao cha sola, na pengine jua lenyewe. Basi katika picha ya usiku yafaa kuliacha neno hilo na kueleza kitu kinachoonekana: taa ndogo ya plastiki, yenye kitako kipana, shingo ya kupinda, na kichwa bapa kilichoinamishwa juu ya daftari. Ikiwa somo linahitaji kibao chenyewe, kitajwe peke yake, kimelala juu ya rafu gizani. Usiku kibao hakitoi nuru, na picha inayokionyesha kikiwaka ikataliwe.

Rangi nayo itajwe waziwazi. Taa za sola za kusomea hutumia balbu za LED, na nyingi huwa na mwanga mweupe unaoelekea ubuluu kidogo. Kibatari na mshumaa huwa na mwanga wa manjano iliyokolea. Maneno kama "mwanga wa kupendeza" au "mwanga wenye joto" huivuta programu kwenye moto, kwa hiyo tuyaepuke. Tuandike "mwanga mweupe wa balbu za LED", na tusitaje kibatari hata kwa kukikataza. Programu nyingi haziulewi ukanushaji vizuri. Ukiandika "bila kibatari", neno "kibatari" laweza kukileta.

4. Nuru inapofika na inapokoma

Hapa ndipo penye kiini cha kazi. Nuru ya taa ndogo hupungua upesi kadiri tunavyokwenda mbali nayo. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwangaza unaokifikia kitu hubaki robo. Ukiongezeka mara nne, hubaki sehemu moja ya kumi na sita. Katika mfano wetu, daftari lipo kama nusu mita kutoka kwenye kichwa cha taa, na ukuta upo kama mita mbili. Basi ukuta hauwezi kupata zaidi ya sehemu moja ya kumi na sita ya mwangaza unaolifikia daftari. Kwa kweli hupata pungufu ya hapo, kwa kuwa kichwa cha taa kimeinamishwa chini.

Mwalimu hana haja ya kuiandikia programu hesabu hizi, kwa kuwa haitazifuata. Azigeuze kuwa maneno ya kuonekana, akianzia karibu na kwenda mbali: ukurasa wa daftari unang'aa, mikono na kikombe vimeangazwa, mabega yanafifia, ukuta unaonekana kwa shida, pembe za chumba ni nyeusi. Mpangilio huo ndio unaoifanya programu itenganishe ngazi za mwangaza badala ya kuumimina sawasawa kila mahali.

Kuna nuru ya pili ambayo waandishi wengi wa maelekezo huisahau, nayo ni ile inayorudishwa na karatasi. Kichwa cha taa kikiinamishwa, balbu haziuangazi uso wa msomaji moja kwa moja. Nuru hulipiga daftari jeupe kwanza, kisha hurudi juu kwa upole. Ndiyo maana uso wa mtu asomaye kwa taa ya namna hiyo huangazwa kutoka chini: kidevu, chini ya pua na chini ya nyusi huwa na weupe, na paji la uso na nywele hubaki gizani. Ukiandika kwamba uso "umeangazwa kwa upole kutoka chini na nuru inayorudi kutoka kwenye ukurasa", picha hubadilika mara moja na kuwa ya kweli. Usipoandika, programu huweka mwanga mzuri wa upande kama wa studio ya mpiga picha, na mtazamaji huhisi kwamba pana taa nyingine iliyofichwa.

Mianya ya nuru nyingine izibwe kwa kutaja kilichopo, si kwa kukataza. Badala ya "hakuna mbalamwezi", andika "dirisha la mbao limefungwa". Badala ya "pasiwe na mwanga mwingine", andika "taa hiyo ndiyo nuru pekee chumbani". Tena jihadhari na maneno ya sifa kama "picha ya kisinema", kwa maana huleta mwanga wa buluu nyuma ya kichwa cha mtu, kama ilivyozoeleka katika filamu.

5. Vivuli

Maelekezo yaseme kivuli kinaelekea wapi. Katika mfano wetu taa iko kushoto, kwa hiyo kivuli cha kikombe kitalala mezani kuelekea kulia. Urefu wake nao hukadirika. Tuseme balbu ziko sentimita 30 juu ya meza, kikombe kina kimo cha sentimita 10, nacho kipo sentimita 40 kutoka mahali palipo chini kabisa ya balbu. Kivuli kitakuwa na urefu wa sentimita 20, yaani mara mbili ya kimo cha kikombe. Kikombe kikisogezwa hadi sentimita 20 kutoka mahali pale, kivuli kitafupika na kuwa sentimita 10. Kwa hiyo tutaandika "kivuli chenye urefu kama mara mbili ya kikombe, kimelala kuelekea kulia".

Kivuli cha kichwa cha msichana ukutani kisiombwe. Taa iliyoinamishwa hupeleka nuru kidogo sana huko, na kivuli cheusi chenye ukingo mkali ukutani hupingana na taa yenyewe. Kingefaa tu kama taa ingekuwa wazi pande zote, kama zile zinazotundikwa darini.

6. Maelekezo yaliyokamilika

Tukikusanya yote tuliyoyasema, tunapata hivi:

```
Picha ya usiku. Msichana wa miaka kumi anasoma daftari mezani,
anatazamwa kutoka mbele. Kushoto: taa ndogo ya plastiki ya mezani,
shingo ya kupinda, kichwa kimeinamishwa juu ya daftari, mwanga
mweupe wa balbu za LED. Taa hiyo ndiyo nuru pekee chumbani.
Ukurasa unang'aa; mikono na kikombe cha bati vimeangazwa; uso
umeangazwa kwa upole kutoka chini na nuru inayorudi kutoka kwenye
ukurasa; mabega yanafifia; ukuta wa udongo unaonekana kwa shida;
pembe za chumba ni nyeusi. Kivuli cha kikombe kimelala kuelekea
kulia, urefu mara mbili ya kikombe. Dirisha la mbao limefungwa.
```

Programu kadhaa huelewa Kiingereza kuliko Kiswahili, kwa kuwa maelezo ya picha zilizozifunza yalikuwa kwa lugha hiyo zaidi. Ikiwa programu yako inaacha mambo uliyoyaandika, tafsiri maneno ya nuru kwanza, maana ndiyo yanayopotea upesi:

```
The desk lamp is the only light source. Cool white LED light
falls on the page; her face is softly lit from below by light
bouncing off the page; the far wall is barely visible.
```

Omba picha nne kwa maelekezo yale yale, kwa sababu kila mara programu hutoa picha tofauti. Ukiona kosa moja linarudi katika picha zote nne, kosa hilo limo katika maneno yako, nawe urekebishe sentensi moja tu kisha uombe tena. Ukibadilisha sentensi tano kwa pamoja hutajua ni ipi iliyoponya. Ukiona kosa katika picha moja tu, iache hiyo na uchague nyingine.

7. Ikiwa chombo ni tochi

Tochi hutofautiana na taa ya mezani kwa kuwa nuru yake imekusanywa na kioo cha nyuma ya balbu na kutupwa upande mmoja. Mahali inapopiga huonekana duara lenye weupe mkali katikati, na duara jingine kubwa lililofifia kulizunguka. Haya mawili yatajwe. Mwenye tochi yupo nyuma ya nuru, kwa hiyo uso wake huwa gizani, isipokuwa kwa nuru kidogo inayorudi kutoka ardhini au ukutani. Picha yenye mtu ameshika tochi inayotazama mbele huku uso wake uking'aa ni ya uongo.

Kosa kubwa zaidi la tochi ni ule mwale mweupe unaoonekana hewani kama fimbo. Mwale wa nuru hauonekani kutoka ubavuni isipokuwa kuna kitu hewani cha kuurudisha machoni petu: vumbi, moshi, ukungu au mvua. Mwalimu aamue mapema. Akitaka mwale uonekane, ataje moshi wa jikoni. Asipoutaka, aandike "hewa safi, nuru inaonekana tu inapopiga ukuta".

8. Kuikagua picha kwa rula

Picha ikipatikana, itolewe kwenye karatasi au itazamwe kwenye kioo cha kompyuta, na rula itumike. Weka rula kwenye ncha ya kivuli cha kikombe, uipitishe kwenye ukingo wa juu wa kikombe uliokitupa kivuli hicho, na uendeleze mstari. Ni lazima upite kwenye balbu za taa. Fanya vivyo hivyo kwa kitu kingine, kama vile kalamu iliyosimamishwa ndani ya kopo. Kwa kuwa nuru husafiri kwa mistari iliyonyooka, na mstari ulionyooka hubaki umenyooka ukichorwa katika picha, mistari yote miwili ikutane kwenye taa. Mistari ikiikosa taa kwa upana wa kidole, picha yaweza kutumika. Ikikutana mahali pasipo na taa, au ikielekea pande mbili tofauti, picha haifai kwa somo la vivuli, hata kama inapendeza.

Kisha funika taa kwa kipande cha karatasi na uulize: je, bado naweza kusema taa iko wapi kwa kuangalia vitu vingine tu? Ikiwa daftari, uso na kikombe vyote vinakuelekeza kushoto, nuru imeandikwa vizuri. Ikiwa huwezi kusema, basi taa ile ni pambo tu.

Jambo la mwisho la kukagua ni uchapaji. Sehemu zinazoonekana kwa shida kwenye kioo cha simu hugeuka weusi mtupu zikitolewa kwa mashine ya kunakili. Jaribu nakala moja kwanza. Ukiona ukuta umepotea kabisa, usiongeze nuru ya pili. Rudi kwenye maelekezo, uusogeze ukuta karibu na meza, au upanue eneo linaloangazwa. Hivyo picha itasomeka na kanuni ya nuru haitavunjwa.

9. Matumizi darasani

Picha ya namna hii isitumiwe kuthibitisha kwamba nuru husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa maana imetungwa na programu isiyoijua kanuni hiyo, nasi ndio tulioichagua kwa sababu inaafiki. Uthibitisho utoke kwenye taa halisi, kikombe halisi na kivuli kinachopimwa kwa rula, hata kama ni chini ya meza iliyofunikwa kwa blanketi. Picha itumike kwa zoezi. Waeleze wanafunzi kwamba imetengenezwa kwa kompyuta, ifunike taa kwa karatasi, na uwaache watafute kwa rula mahali ilipo. Baada ya hapo wape mojawapo ya zile picha ulizozikataa, bila kusema kitu, na uwatake waeleze ina kosa gani. Mwanafunzi atakayekuonyesha kwa mistari miwili kwamba kivuli hakitoki kwenye taa ile ameielewa mada, na hilo daftari lake peke yake lisingekuonyesha.